4T/r au 2T/r? Kupata kanieneo ya ziada ndani ya kiputo cha sabuni na ndani ya tone

Juzi usiku mpwa wangu aliye kidato cha tano alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, na ujumbe chini yake: "Shikamoo mjomba. Kitabu kinasema kiputo cha sabuni ni 4T/r. Mimi nimehesabu nyuso zote mbili lakini bado napata 2T/r. Nimekosea wapi?"

Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili. Hesabu yake ilikuwa safi, kila mstari unafuata uliotangulia, na jibu lake linafanana na kanuni iliyomo kitabuni. Ndiyo maana kosa lilijificha. Ninaandika hatua tulizopitia kwa sababu nimeliona kosa hilohilo kwa wanafunzi wengi ninaowafundisha fizikia, na mimi mwenyewe nilipokuwa shule lilinila jioni nzima.

Hatua ya 1: Chora, kisha andika herufi zako

T ni mvutano wa uso, kwa nyutoni kwa mita. r ni nusukipenyo kwa mita. ΔP ni kanieneo ya ziada, yaani kiasi ambacho presha ya ndani inazidi ya nje. Swali likikupa kipenyo, ligawe kwa mbili papo hapo kabla hujaandika kitu kingine.

Hatua ya 2: Kata tufe katikati

Kuna njia ya kutumia nishati na kuna njia ya kukata. Kwa anayeanza mimi nachagua kukata, kwa sababu unaona kila kani inasukuma wapi. Chukua chungwa halisi, ulikate nusu kwa nusu, ushike nusu moja mkononi huku uso uliokatwa ukikutazama. Usiruke jambo hili ukidhani ni la watoto. Hatua mbili zinazofuata zote zimo ndani ya hilo chungwa.

Nusu hiyo imetulia, kwa hiyo kani zinazoisukuma kwenda upande mmoja lazima zilingane na zinazoivuta kurudi. Kanieneo ya ziada inataka kuisukuma iachane na nusu nyingine. Mvutano wa uso unaishikilia kwenye ukingo wa mkato, pale ganda lilipokuwa limeungana na ganda la nusu ya pili.

Hatua ya 3: Eneo ni la uso uliokatwa, si la mgongo

Hapa ndipo saa mbili zilipokwendea.

Mpwa wangu aliwaza hivi: hewa ya ndani inagusa utando wote wa nusu tufe, eneo la nusu tufe ni 2πr², basi kani ni ΔP × 2πr². Inasikika sawa kabisa. Hewa kweli inagusa eneo lote hilo. Tatizo ni kwamba kanieneo husukuma kila mahali kwa pembe mraba na uso wenyewe. Pale kileleni mwa nusu tufe msukumo unaelekea mbele, lakini karibu na ukingo unaelekea pembeni, karibu sambamba na mkato. Misukumo ya pembeni inakuja jozi kwa jozi: wa kulia unafutwa na wa kushoto, wa juu unafutwa na wa chini. Kinachobaki ni sehemu ya kila msukumo inayoelekea mbele tu, na ukizijumlisha zote unapata ΔP mara eneo la duara bapa, yaani πr².

Akaniuliza, "Nitajuaje kwamba jumla ni πr² kamili bila kufanya kalkulasi?" Swali zuri. Fikiria hewa iliyomo ndani ya nusu hiyo, ukiifunga kwa karatasi bapa pale palipokatwa. Hewa hiyo imetulia. Inaisukuma karatasi upande mmoja kwa kani ya ΔP × πr², kwa kuwa karatasi ni bapa na haina utata wowote. Kama msukumo wake kwenye mgongo wa nusu tufe usingekuwa sawa na huo, boksi hilo lililofungwa lingeanza kwenda lenyewe bila kusukumwa na mtu. Haliendi. Kwa hiyo msukumo wa mgongo nao ni ΔP × πr².

Sasa tazama kwa nini kosa hili ni gumu kuligundua. Ukitumia eneo lisilo sahihi la 2πr², kisha ukahesabu vizuri nyuso mbili za kiputo, unapata:

```
ΔP × 2πr² = 2 × T × 2πr
ΔP = 2T/r
```

Hiyo ndiyo kanuni sahihi ya tone! Mwanafunzi anafungua kitabu, anaona 2T/r ukurasa huohuo, anaamini yuko njiani. Wengine huenda mbali zaidi: wanahitimisha kwamba kiputo kina uso mmoja, wanarudi kubadili hesabu iliyokuwa sahihi, na wanaishia na T/r. Kwa hiyo ukipata 2T/r kwa kiputo cha sabuni, usiguse kwanza idadi ya nyuso. Angalia eneo.

Hatua ya 4: Hesabu nyuso

Rudi kwenye chungwa. Ganda lina upande wa nje wa rangi na upande wa ndani mweupe. Utando wa kiputo uko hivyohivyo: maji ya sabuni ni tabaka jembamba sana, unene wake ni kama elfu moja ya milimita au pungufu, na lina hewa upande wa nje na hewa upande wa ndani. Kila panapokutana kimiminika na hewa pana uso unaovuta. Kiputo kina nyuso mbili. Kwa kuwa utando ni mwembamba hivyo, nusukipenyo cha ndani na cha nje tunakichukua kuwa kimoja.

Tone ni kimiminika mpaka katikati. Halina upande wa ndani unaogusa hewa. Uso ni mmoja.

Kiputo cha hewa kilicho ndani ya maji, kama vile vinavyopanda kwenye sufuria, nacho kina uso mmoja. Jina lisikudanganye. Usiulize kinaitwaje, anzia nje, tembea kwa mawazo kuelekea katikati, uhesabu mara ngapi umevuka kutoka hewani kwenda kwenye kimiminika au kinyume chake. Kila uvukapo, presha inapanda kwa 2T/r. Ukiingia kwenye kiputo cha sabuni unapanda mara moja unapoingia ndani ya utando, na mara ya pili unapotoka upande wa ndani.

Hatua ya 5: Linganisha

Urefu wa ukingo ni mzingo wa duara, 2πr.

```
Tone:    ΔP × πr² = T × 2πr        →  ΔP = 2T/r
Kiputo:  ΔP × πr² = 2 × T × 2πr    →  ΔP = 4T/r
```

Ukitaka kuhakiki kwa nishati: tufe likipanuka kwa dr, kazi ya kanieneo ni ΔP × 4πr² × dr, na uso mmoja unaongezeka kwa 8πr × dr. Zidisha ongezeko hilo kwa T, linganisha, utapata 2T/r ileile kwa uso mmoja. Ni uhusiano ambao Thomas Young alieleza wazo lake mwaka 1805, na Laplace akauweka katika hesabu mwaka 1806.

Hatua ya 6: Weka namba

Maji ya sabuni ya kuoshea vyombo yana T ya karibu 0.025 N/m. Kiputo chenye kipenyo cha sentimita 4 kina r = 0.02 m.

```
ΔP = 4 × 0.025 / 0.02 = 5 Pa
```

Paskali 5 ni kidogo mno ukilinganisha na presha ya anga, ambayo ni karibu paskali 100,000. Sasa chukua tone la ukungu lenye nusukipenyo cha mikromita 10. Maji safi kwenye nyuzi 25 za selsiasi yana T ya 0.072 N/m.

```
ΔP = 2 × 0.072 / 0.00001 = 14,400 Pa
```

Hiyo ni karibu sehemu ya saba ya presha ya anga, ndani ya kitu ambacho jicho halikioni kimoja kimoja. Kadiri r inavyopungua ndivyo ΔP inavyopanda. Ndiyo maana ukiunganisha viputo viwili vya sabuni kwa mrija, kile kidogo kinazidi kusinyaa na kumimina hewa yake ndani ya kikubwa. Wengi hutarajia kinyume.

Kwa kiputo cha hewa chini ya maji, swali likitaka presha kamili ya ndani, kumbuka kuongeza presha ya anga na ya kina. Chenye nusukipenyo cha milimita 0.5 kilicho sentimita 10 chini kina paskali 288 za mvutano wa uso juu ya paskali 980 za maji yaliyo juu yake.

Tone la maji likishafika upana wa milimita kadhaa juu ya meza, uzito wake unalibapaza, si tufe tena, na 2T/r yenye r moja haifai.

Hatua ya 7: Pima mwenyewe

Manometa ya kawaida ya maji haitakusaidia. Paskali 5 zinainua maji kwa nusu milimita tu:

```
h = 5 / (1000 × 9.8) = 0.00051 m
```

Laza mrija. Weka ubao wa sentimita 50, inua ncha moja kwa sentimita 2.5, ulaze juu yake mpira mwangavu kama ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Ncha ya chini iunge na chupa pana yenye maji, ncha ya juu iache wazi. Kila milimita ya kupanda sasa inakuwa milimita 20 kando ya mpira, kwa hiyo nusu milimita yako inaonekana kama sentimita 1. Hewa ya juu ya chupa, mdomo wako na faneli ya kutengenezea kiputo vikutane kwenye kiungo chenye midomo mitatu. Ukishapuliza, ziba njia ya mdomo, kwa sababu hewa ikivuja kiputo kinasinyaa huku unasoma.

Tia tone moja la sabuni kwenye maji ya manometa pia, la sivyo maji yanang'ang'ania ukuta wa mpira na kusogea kwa kushtuka. Weka alama ya mwanzo kabla ya kupuliza, usome tofauti pekee. Maji yanayopanda yenyewe ndani ya mrija mwembamba yamo kwenye alama zote mbili, kwa hiyo yanajifuta. Kisha T = ΔP × r / 4. Ukikosea kusoma kwa milimita moja, T imekosea kwa karibu asilimia 10, hivyo piga viputo vitano au sita vya ukubwa tofauti, uchore grafu ya ΔP dhidi ya 1/r. Mstari ukipita kwenye sifuri, mwinamo wake ni 4T. Usipopita, kagua kwanza alama yako ya mwanzo, kisha uvujaji kwenye kiungo.