Ovadrafti, mkopo wa muda au mali kauli? Jinsi ya kuamua kwa makadirio ya fedha kabla ya kwenda benki

Ukifika benki na kusema unahitaji milioni 80, utapewa fomu ya milioni 80. Fomu haiulizi pesa hiyo itarudi lini, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua uombe mkopo wa aina gani. Nimetoka kulipitia zoezi hili kwa kampuni yetu ndogo ya kushona sare za shule hapa Dar es Salaam. Benki ya kwanza ilikaa na faili letu wiki nyingi, kisha ikaleta ofa ya mkopo mmoja wa miaka 3 kwa mahitaji yote. Tuliikataa na kuhamia benki nyingine, na kazi ikaanza upya. Naandika hatua zilizotugharimu muda na pesa. Za TIN, leseni na kujaza fomu unazijua.

Anza na makadirio, tena kwa tarehe ya pesa kuingia

Chukua miezi 12 ijayo. Kila mwezi andika pesa inayoingia, inayotoka, na salio la mwisho wa mwezi. Sheria ni moja: andika pesa katika mwezi inapofika kwenye akaunti, hata kama ankara uliitoa mapema zaidi. Shule inayochukua sare Desemba hulipa Januari au Februari, wazazi wakishalipa ada. Ukiiandika Desemba, makadirio yako yataonyesha kampuni isiyohitaji mkopo wowote.

Kodi nayo iwekwe kwenye tarehe zake. PAYE na SDL, yaani kodi na tozo za mishahara, mwisho wa kulipwa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. VAT ndiyo inayouma zaidi kwa biashara kama yetu, kwa sababu ankara ya Desemba inadaiwa VAT Januari hata kama shule haijalipa hata senti.

Haya ni makadirio ya msimu wetu kwa milioni za shilingi, tukianza Septemba na milioni 9 benki. Mashine ya kudarizi tuliyotaka kununua nimeiacha nje kwanza.

| Mwezi | Zinaingia | Zinatoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Septemba | 7 | 8 | 8 |
| Oktoba | 6 | 28 | -14 |
| Novemba | 8 | 36 | -42 |
| Desemba | 20 | 20 | -42 |
| Januari | 38 | 10 | -14 |
| Februari | 34 | 9 | 11 |
| Machi | 10 | 8 | 13 |

Milioni 20 za Oktoba na 24 za Novemba ni kitambaa. Kinachobaki ni mishahara, pango, umeme, kodi na mafundi wa msimu.

Soma pengo lilivyo

Shimo hili lina kina cha milioni 42 na linajifukia lenyewe Februari. Kitambaa kimegeuka sare, sare zimegeuka pesa. Pengo la namna hii ni la ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya salio lako hadi limiti mliyokubaliana: riba huhesabiwa kwa siku, kwa kiasi ulichotumia tu, na shule zikilipa deni linashuka siku hiyohiyo.

Sasa ingiza mashine ya milioni 36 mwezi Oktoba. Novemba salio linashuka hadi -78, na Machi bado ni -23. Msimu umekwisha, shule zimelipa, na akaunti bado iko chini. Pengo lisilojifukia ndani ya msimu mmoja halifai ovadrafti, kwa sababu ovadrafti hupitiwa upya kila mwaka na benki ina haki ya kuidai wakati wowote. Benki nyingi pia hutaka kuona akaunti inarudi juu ya sifuri walau kwa kipindi fulani cha mwaka. Ukiilipia mashine kwa ovadrafti, akaunti haitarudi juu, na mwaka unaofuata utaomba kuongezewa limiti ukiwa umekwama.

Kwa hiyo mashine iende kwenye mkopo wa muda maalumu, ilipwe kidogokidogo na kazi inayoifanya. Kwa riba ya mfano ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, milioni 36 kwa miezi 36 ni rejesho la takriban milioni 1.3 kwa mwezi. Kazi ya kudarizi nembo tuliyokuwa tunaipeleka nje ilitugharimu wastani wa milioni 1.6 kwa mwezi, kwa hiyo mashine inajilipia. Isingekuwa hivyo, tungeiacha.

Uliza kwa maandishi riba inahesabiwaje. Asilimia 18 ileile ikihesabiwa kwa mtindo wa flati, yaani juu ya mkopo wote hadi mwisho, rejesho linakuwa milioni 1.54, na kwa miaka 3 unalipa zaidi kwa karibu milioni 8.6. Uliza pia kama benki inataka uchangie sehemu ya bei ya mashine. Mchango wako hutoka taslimu, nao uandikwe kwenye mwezi wake.

Hapa ndipo ofa ya benki ya kwanza ilipokosea. Ilichanganya kitambaa na mashine katika mkopo mmoja wa miaka 3. Pesa ya kitambaa inarudi Februari, lakini riba yake ingeendelea miaka miwili na zaidi, na msimu uliofuata tungekuwa hatuna limiti ya kununulia kitambaa kipya. Mkopo wa namna hiyo ni rahisi kwa afisa kuuandaa na kuufuatilia. Kwa biashara ya msimu ni mzigo.

Mali kauli: bei yake imejificha kwenye punguzo

Muuzaji wetu wa jumla Kariakoo alikuwa tayari kutupa kitambaa cha Novemba, milioni 24, kwa mali kauli ya siku 60, yaani tuchukue sasa, tulipe siku hizo zikiisha. Ukilipa taslimu anapunguza asilimia 4. Wengi huiona mali kauli kama pesa ya bure kwa kuwa hakuna riba iliyoandikwa popote. Punguzo unaloliacha ndilo riba. Hesabu yake ni hii:

```
(4 / 96) x (365 / 60) = 25.3% kwa mwaka
```

Ovadrafti ya asilimia 18 ni nafuu kuliko hiyo. Ukilipa taslimu kwa ovadrafti unaokoa shilingi 960,000, na riba ya siku 60 ni kama 680,000. Zinabaki 280,000 mfukoni.

Usiamue hapo, kwa sababu ovadrafti ina ada pia, na ada hutozwa juu ya limiti nzima hata kama hukuitumia. Tuseme ni asilimia 1.5. Kitambaa cha Novemba kikienda mali kauli, malipo yake yanahamia Januari, na shimo kubwa, pamoja na marejesho ya mashine, linakuwa kama milioni 21 badala ya 45. Limiti ya 25 ingetosha badala ya 50, na ada ingepungua kwa 375,000. Kwa hesabu hiyo mali kauli inashinda kidogo, na dhamana inayohitajika ni ndogo pia.

Jaribu mwezi mmoja wa kuchelewa

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha uamuzi wetu, na hakuna fomu iliyoiomba. Chukua malipo ya shule, kwetu milioni 28 za Januari na 24 za Februari, uyasogeze yote mwezi mmoja mbele. Wanaouza kwa shule wanajua kwamba hilo ni jambo la kawaida.

Bila mali kauli, salio la Januari linabaki -42. Weka marejesho matatu ya mashine, riba na ada, unafika karibu -48 na nusu. Ukiwa na mali kauli, Novemba na Desemba zinapumua, lakini Januari milioni 24 za kitambaa zinadaiwa katika mwezi uleule ambao shule hazijalipa, na salio linaangukia pale pale. Mali kauli ilikuwa imelisogeza shimo bila kulipunguza. Mwenye limiti ya 25 angekuwa amemwandikia muuzaji hundi ya tarehe ya mbele, na hundi hiyo ingerudi. Ukishamrudishia muuzaji wa Kariakoo hundi, msimu ujao utanunua taslimu, tena bila punguzo.

Kwa kuwa limiti kubwa ilihitajika kwa vyovyote, hoja ya kuokoa ada ilikufa. Tukaomba ovadrafti ya milioni 55, mkopo wa muda wa milioni 36 kwa ajili ya mashine, na kitambaa tukalipa taslimu kwa punguzo. Jaribio lilionyesha pia kwamba shule zikichelewa, shimo linajifukia Machi badala ya Februari. Bado ni la ovadrafti. Kama Machi ingebaki chini, limiti kubwa zaidi isingesaidia; tungepunguza oda ya kitambaa. Na kama muuzaji angekubali siku 90 badala ya 60, tungepiga hesabu upya, maana malipo yake yangeangukia Februari, baada ya shule kuanza kulipa.

Miezi yenye shimo kubwa iandike pia kwa wiki. Salio la mwisho wa mwezi linaweza kuonekana salama huku tarehe 20 VAT imelipwa na malipo ya shule yanakuja tarehe 28.

Kupeleka faili

Andika maombi mawili tofauti, kila moja na lengo lake, na uambatishe makadirio ya kawaida pamoja na yale ya kuchelewa. Afisa mikopo akiona umeshajaribu hali mbaya, maswali ya kamati yanapungua. Oda za shule zilizosainiwa na taarifa ya benki inayoonyesha tarehe ambazo shule zililipa msimu uliopita zina uzito kuliko maelezo marefu. Azimio la bodi litaje mikopo yote miwili na kiasi cha kila mmoja.

Kilichotugharimu zaidi ni uthamini wa dhamana. Benki hukubali ripoti ya mthamini aliye kwenye orodha yake, na benki ya pili haikuipokea ripoti tuliyolipia kwa ajili ya ya kwanza. Kabla ya kulipa, pata kwanza barua ya masharti ya awali inayoonyesha aina ya mkopo, muda na namna ya kuhesabu riba. Ukiona wanakupa mkopo usiolingana na pengo lako, ondoka kabla mthamini hajafika. Kama dhamana ni nyumba ya familia ya mkurugenzi, ridhaa ya mwenzi wake itahitajika kisheria, kwa hiyo mshirikishe mapema.

Pesa ikihitajika Oktoba, faili liingie benki Julai. Ovadrafti ikishafunguliwa, linganisha makadirio na akaunti kila Ijumaa. Shule ikichelewa, mpigie afisa mikopo ungali na nafasi kwenye limiti, na mtumie makadirio mapya yenye tarehe ambayo shule imeahidi kulipa.