Mapanki: uyauze mabichi au uyakaange?

Ukichakata sangara, bei ya samaki na ujira wa kuminofua ni gharama ya pamoja ya minofu, mabondo na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Ukiigawa kwa uzito, mapanki yatabebeshwa mzigo mkubwa na daftari litaonyesha hasara hata yakiuzika vizuri. Heri ugawe kwa thamani ya mauzo. Lakini unapoamua kukaanga au la, gharama hiyo iache kando kabisa, imeshatumika.

Tuseme mapanki mabichi yanakupa shilingi 400,000, yakikaangwa 600,000. Nyongeza ni 200,000. Kuni, mafuta na vibarua vikila 230,000, uza mabichi. Na upime upya baada ya kukaanga: maji hutoka, kilo hupungua, na wengi huzidisha bei mpya kwa kilo za zamani.