Kasia moja au mawili? Somo la mashua ya watu wanane

Sisi wa Mwanza tumekulia kwenye kafi. Unakaa ukitazama omo, kafi liko mikononi, na nyavu unaziona mapema. Kasia la mashindano limeshikwa na chuma ubavuni mwa mashua, na mpigaji anakaa ameipa mgongo njia anayokwenda. Lishikeni hilo la mgongo, tutalirudia.

Hatua ya 1: tazama mikono. Kuna upigaji wa makasia mawili, kila mkono na lake. Vipini vinapishana mbele ya tumbo, ndiyo maana mkono wa kushoto hupita juu kidogo ya wa kulia. Anayeanza hujikwaruza vidole hapo. Huyu anaweza kwenda peke yake, na akitaka kupinda anavuta zaidi upande mmoja.

Kuna pia upigaji wa kasia moja refu, linalovutwa kwa mikono yote miwili. Mwili unajipinda kulifuata, na nguvu zote zinaangukia ubavu mmoja. Kwa hiyo ni lazima awepo mwenzako wa ubavu wa pili. Mashua ya wanane ni ya namna hii: makasia manne kushoto, manne kulia.

Hatua ya 2: piga hesabu ya kutazama nyuma. Tuseme wanane wanamaliza mita 2,000 kwa dakika 6. Hizo ni kama mita 5.6 kila sekunde. Mmoja akigeuza shingo sekunde 2 tu, mashua imekwenda kama mita 11, na kwa chombo chembamba hivi bega likigeuka mashua nzima inalala upande. Ina urefu wa mita 17 hivi, haigeuki ghafla. Fikiria iko karibu na mwalo wa Kirumba alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi.

Hatua ya 3: mweke wa tisa. Anakaa tezi, anatazama mbele, anashika kamba za usukani. Anayemkabili uso kwa uso ndiye mpigaji anayeweka mwendo kwa wenzake. Usukani auguse kidogo kidogo, makasia yakiwa majini, kwa sababu hapo mashua imetulia. Akiuvuta makasia yakiwa hewani, mashua inayumba na ubavu mmoja unakosa maji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona kuna mashua za wanne zisizo na mtu wa usukani?*
Zipo. Mpigaji mmoja huongoza kwa mguu: kiatu chake kimeunganishwa na usukani kwa waya. Mashua ni fupi na nyepesi kuliko ya wanane, inawezekana, ila bado lazima ageuke kutazama mara moja moja.

*Kwa hiyo huyo wa tisa ni mzigo tu? Si wachukue mtoto?*
Kanuni za kimataifa zinataka awe na kilo 55. Akipungua, anabeba uzito wa kufidia. Na kazi yake ni nzito, kaka: yeye ndiye anayeona kasia gani linachelewa kuingia majini, na anamwambia mwenyewe hapo hapo kwa namba ya kiti chake. Namba 1 yuko omo, namba 8 yuko mbele ya macho yake.