Somo: Kupata mwanga wa duara kwa bamba la robo-wimbi, na kujua kosa liko wapi usipoupata

Somo hili ni la mwenye leza nyekundu ya nanomita 633, polaraiza mbili zenye pete ya digrii, bamba la robo-wimbi la kwatsi lililotengenezwa kwa rangi hiyo, na fotodayodi iliyounganishwa na multimita. Nitakaa zaidi kwenye hatua ya nne, kwa sababu wengi wanaifanya nusu na kuondoka na jibu lisilo sahihi.

Kwanza tuelewe bamba linafanya nini. Kwatsi haipitishi mwanga wote kwa kasi moja. Uga wa umeme wa mwanga ukitikisika sambamba na mhimili mmoja wa bamba, mwanga unapita haraka; huo ndio mhimili wa kasi. Ukitikisika sambamba na mhimili unaoukata huo kwa digrii 90, mwanga unachelewa. Huo ni mhimili wa polepole. Mwanga wa mstari ukiingia kwa digrii 45 kati ya mihimili hiyo, unagawanyika sehemu mbili zilizo sawa. Unene wa bamba umepimwa ili sehemu ya polepole itoke ikiwa nyuma kwa robo ya wimbi. Basi moja inapofika kileleni, nyingine iko sifuri, na jumla yao haipungui wala kuongezeka: ncha ya uga inazunguka duara.

Robo ya wimbi letu ni nanomita 158 hivi. Tofauti ya vipeo vya mpindo kati ya mihimili miwili ya kwatsi ni kama 0.009, kwa hiyo unene unaohitajika ni 158 ÷ 0.009, yaani takriban nanomita 17,600, au mikroni 17.6. Bamba jembamba hivyo ni rahisi kuvunjika, ndiyo maana watengenezaji wengi hubandika vipande viwili vinene ambavyo mihimili yake imepishana, kinachobaki baada ya kutoana kikawa ile robo.

Hatua ya 1. Washa leza, uiache itulie kwa dakika kadhaa. Weka polaraiza ya kwanza, kisha zungusha leza yenyewe mpaka mwanga mwingi upite. Kuanzia hapo polaraiza ya kwanza haiguswi tena.

Hatua ya 2. Weka polaraiza ya pili mbele ya fotodayodi, uizungushe mpaka multimita isome kidogo kabisa. Sasa polaraiza zimepishana kwa digrii 90. Andika namba ya pete.

Hatua ya 3. Ingiza bamba katikati, uso wake ukiuelekea mwanga moja kwa moja. Giza litapotea. Zungusha bamba peke yake mpaka giza lirudi: mhimili mmoja wa bamba sasa uko sambamba na polaraiza ya kwanza, na mwanga unapita bila kugawanyika. Soma pete ya bamba, kisha lizungushe digrii 45 kamili kutoka hapo. Tunaanzia gizani kwa sababu jicho na mita vinatambua giza kwa usahihi kuliko vinavyotambua mwangaza mkubwa kabisa.

Hatua ya 4. Zungusha polaraiza ya pili mzunguko mzima ukiandika volti kila baada ya digrii 15. Mwanga wa duara hauna upande unaoupendelea, kwa hiyo namba zisibadilike. Zikipanda na kushuka, umepata duaradufu. Hapo usianze kuzungusha kila kitu kwa kubahatisha. Angalia kwanza kilele kimeangukia wapi.

Tuseme wastani ni volti 0.50, na namba zinacheza kati ya 0.535 na 0.465. Gawanya tofauti yao kwa jumla yao: 0.07 ÷ 1.00 = 0.07. Kilele kikiwa sambamba na mhimili mmoja wa bamba, kosa ni la pembe. Uwiano huo ni sine ya mara mbili ya kosa, na sine ya digrii 4 ni 0.07, kwa hiyo bamba lako limekosea kwa digrii 2. Lirekebishe kwa kiasi hicho, ukipima upande gani unapunguza mchezo wa namba.

Sasa tuseme umeweka leza ya kijani ya nanomita 532 na bamba ni lilelile. Ucheleweshaji si digrii 90 tena bali kama 90 × 633 ÷ 532, yaani 107. Namba zitacheza kati ya 0.645 na 0.355 hivi, na kilele kitakuwa digrii 90 kutoka mwelekeo wa polaraiza ya kwanza. Kilele kikiangukia hapo, au sambamba na polaraiza ya kwanza, kosa ni la ucheleweshaji, na kuzungusha bamba hakutakupa duara: badilisha leza au bamba. Kilele kikiwa katikati ya mielekeo hii, una makosa yote mawili. Anza na la pembe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Bamba langu halina alama. Nitajuaje mhimili upi ni wa kasi? Giza la hatua ya 3 linatokea kila baada ya digrii 90.*

Marahaba. Ni kweli, giza linakuonyesha mihimili bila kusema upi ni upi. Tafuta bamba la pili lenye alama, la rangi ileile. Acha polaraiza zikiwa zimepishana, weka mabamba yote mawili kwa digrii 45. Ikiwa mihimili ya kasi iko sambamba, robo mbili zinajumlika kuwa nusu ya wimbi, mstari unageuka digrii 90 na mwanga unapita kwa wingi. Ikiwa imepishana, zinafutana na unabaki na giza.

*Kwani kuna ubaya gani nikikosea kasi na polepole? Mita inasoma sawa tu.*

Duara litazunguka upande wa pili. Uga unazunguka kutoka mhimili wa kasi, kupitia mstari ulioingia nao, kwenda mhimili wa polepole. Nakushauri uandike hivyo daftarini badala ya "kulia" au "kushoto", kwa kuwa vitabu vya fizikia havikubaliani kama mtu anatazama kuelekea chanzo au kuelekea uendako mwanga.

*Nimepata namba zisizobadilika kabisa, lakini rafiki yangu anasema huenda mwanga wangu haujapolaraizwa hata kidogo. Namjibuje?*

Ana hoja nzuri, maana mwanga wa kawaida nao unatoa namba zisizobadilika. Weka bamba jingine la robo-wimbi kabla ya polaraiza ya pili. Kama ni duara la kweli, litarudi kuwa mstari na utapata giza ukizungusha polaraiza. Kama huna bamba la pili, weka kioo cha kujitazamia baada ya bamba, kikiinama kidogo sana ili mwanga urudi kupitia bamba lilelile. Kioo kinageuza upande wa mzunguko, na ukirudi kwenye polaraiza ya kwanza unakuwa mstari uliopishana nayo, hivyo inauzuia.

*Mimi sina leza wala bamba. Nina filta ya kamera tu, ile ya duara. Inafaa?*

Inafaa kwa jaribio hilo la kioo. Ndani yake kuna polaraiza ya mstari upande wa mbele, na bamba la robo-wimbi upande wa lenzi. Simama mbele ya kioo, shika filta ili upande wa lenzi ukielekee kioo, na utazame taswira ya filta kupitia filta yenyewe: utaiona nyeusi. Igeuze, nayo itakuwa angavu, kwa sababu sasa mwanga unaokwenda kiooni na kurudi unapita kwenye polaraiza tu, bila bamba katikati. Weusi huo unaweza kuwa na rangi kidogo, kama zambarau au buluu, kwa kuwa bamba haliwezi kuwa robo kamili kwa kila rangi ya mwanga wa taa.