Ekuteri zikianguka kwenye maji, usizirudishe kwenye kasha

Jumamosi moja mdogo wangu alikuwa anafua nguo kwetu Majengo, hapa Goma. Ekuteri zake ndogo za masikioni zisizo na waya zilikuwa zimesahaulika kwenye mfuko wa jinzi, naye akaitumbukiza jinzi hiyo ndani ya beseni la maji ya sabuni. Ekuteri ya kuume aliiona papo hapo. Akaitoa, akaipangusa kwa kitenge, akaiweka kwenye kasha lake na kufunga kifuniko ili isipotee. Ya kushoto ilizama chini ya nguo, tukaipata dakika 10 hivi baadaye, mimi nikiwa nimeshafika. Hiyo nilimkataza kabisa isiguse kasha.

Leo ya kushoto bado inaimba vizuri. Ya kuume, iliyokaa majini sekunde chache tu, ilikufa siku ya pili. Mimi natengeneza simu, na kila mwezi napokea ekuteri zilizouawa kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana somo hili naliandika kuanzia kwenye kasha.

Wengi wanadhani kasha ni sanduku la kutunzia tu. Kumbe lina betri yake ndani, na ukiiweka ekuteri pale linaanza kuichaji hata kama halijachomekwa popote. Umeme unapita kwenye zile pini ndogo za kasha na vidoti vya chuma vilivyo chini ya ekuteri. Kukiwa na tone la maji katikati, umeme unapita ndani ya tone hilo na kuanza kuula ule mpako mwembamba wa dhahabu, kisha shaba iliyo chini yake. Ukifungua kesho yake utaona alama ya kijani au unga mweupe kwenye kidoti kimoja. Ekuteri ya mdogo wangu ilikuwa hivyo: kidoti kimoja kilikuwa kimelika, na umeme ukawa hauingii tena.

Hatua ya 1: itoe, izime, iache nje

Itoe majini, uipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha uzime Bluetooth ya simu ili isiendelee kupiga muziki. Kuna aina zinazozimika ukizibonyeza kwa sekunde kadhaa; kama yako ni hivyo, izime. Kama haina namna hiyo, iache tu ipumzike, maana ikikosa simu ya kuungana nayo hutumia umeme kidogo sana. Usijaribu kusikiliza "kuona kama bado inafanya." Jaribio hilo ndilo linapitisha umeme kwenye sehemu zilizolowa.

Hatua ya 2: toa maji kwa uzito wake yenyewe

Vua ule mpira laini wa sikio. Elekeza wavu wa spika chini, uigonge polepole juu ya kitambaa mara kumi au kumi na tano. Geuza, ufanye vilevile upande wa tundu la mikro. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi inayasukuma maji ndani zaidi, na usichokonoe wavu kwa sindano. Nyuma ya wavu huo kuna utando mwembamba kuliko karatasi. Ukitoboka, sauti haitarudi kamwe.

Hatua ya 3: uliza yalikuwa maji gani

Hapa ndipo watu wa huku kwetu tunapaswa kuwa makini. Maji safi yakikauka yanaacha kidogo sana. Maji ya Ziwa Kivu tunayochota kwa bidoni yana madini yaliyoyeyuka, kiasi cha gramu 1 hivi kwa lita moja. Ni kidogo mbele ya bahari yenye gramu 35, lakini yanatosha kupitisha umeme vizuri na kuacha ukoko mweupe. Sabuni nayo inayafanya maji kuwa mepesi kupenya, kwa hiyo wavu ambao ungezuia matone ya mvua unayaruhusu maji ya kufulia.

Kama yalikuwa ya ziwa, ya sabuni, au soda, chukua kitambaa kilicholowa kidogo tu maji safi, ukipanguse chombo chote na hasa vile vidoti, kisha ukaushe. Maji yanayofaa zaidi ni yale yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha muuzaji hakupi asidi ya betri, kwani chupa zao zinafanana. Angalia boksi lina kipimo gani cha kuvumilia maji: ekuteri iliyoandikwa IPX7 unaweza hata kuimwagia maji safi kwa sekunde chache. Yenye IPX4, inayovumilia matone tu, au isiyoandikwa kitu, ishia kwenye kupangusa.

Vidoti na pini za kasha zimalizie kwa kijiti cha pamba na alkoli. Tafuta yenye nguvu ya 90 kwenda juu. Ile ya kawaida ya famasi ya 70 ina maji mengi, na ukiitumia ongeza muda wa kukausha.

Hatua ya 4: kausha kwa hewa, kwa siku mbili

Zilaze juu ya kitambaa, wavu ukiangalia chini, mahali penye upepo na kivuli. Saa 24 zinatosha kama zilirushiwa matone tu. Zikizama, ngoja saa 48, na msimu wa mvua mimi nafikisha siku tatu. Ukiwa na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, weka vitano au zaidi kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana, ufungie ekuteri humo baada ya kuzianika wazi saa chache za kwanza.

Usiziweke karibu na jiko la makala, juu ya bati lenye jua kali wala mbele ya mashine ya kukaushia nywele. Betri ya ekuteri ni ndogo kuliko kidole chako na haipendi kupita nyuzi 45. Joto hilo pia linalainisha gundi iliyoshikilia vipande viwili vya chombo, na baada ya hapo hata jasho litapita.

Hatua ya 5: kasha likaushwe peke yake

Kama nalo liliingia majini, chomoa waya, lifungue na kuligeuza kifudifudi kama paa la nyumba. Makasha mengi hayana kinga hata pale ekuteri zenyewe zinapokuwa nayo, kwa hiyo lipe muda mrefu kuliko ekuteri. Angalia kwa tochi ya simu ndani ya tundu la waya. Ukiona unyevu au ukijani, bado.

Hatua ya 6: chaji ya kwanza

Anza na kasha tupu. Lichomeke kwenye shaja ndogo au kompyuta, juu ya sakafu ya simenti, mbali na kitanda, kwa dakika 10 ukiwa hapo hapo. Liguse. Vuguvugu si tatizo. Likichoma mkono, chomoa. Likiwa salama, weka ekuteri moja kwa dakika 10, uitoe uiguse, kisha ya pili. Usiliache usiku kucha siku hiyo. Hapa Goma umeme ukikatika hurudi kwa kishindo, na chombo kilichotoka majini hakihitaji mtihani huo bila mtu wa kukitazama.

Maswali niliyoulizwa

*Mama mmoja wa Katindo:* Fundi, mimi nilizifukia kwenye mchele usiku mzima. Nimekosea?

Mama, hujaharibu kitu, ila mchele haukusaidia kuliko hewa ingesaidia. Vumbi lake la wanga linaingia kwenye wavu, likikutana na unyevu linakuwa uji. Hata Apple, kwa upande wa simu zake, inawaambia watu wasitumie mchele. Zitoe, uupanguse wavu kwa burashi laini ukiwa umeelekea chini, kisha uendelee na hatua ya 4.

*Kijana wa Bukavu, Kadutu:* Yaya, boksi langu limeandikwa IPX7. Si naweza kuogelea nazo ziwani?

Mdogo wangu, IPX7 maana yake ni kwamba chombo kikiwa kipya kilikaa kwenye maji safi yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Ziwa letu lina madini, na kuogelea kunasukuma maji kwa nguvu ambayo kipimo hicho hakikuijaribu. Isitoshe, Bluetooth haipiti majini, ukizamisha kichwa muziki unakatika. Kinga hiyo pia inachakaa kwa jasho, kuanguka na joto. Ya mwaka wa pili si ile uliyoinunua. Na boksi lisilo na jina la mtengenezaji wa kumfuata, hayo maandishi hayana mwenyewe.

*Dada wa Himbi:* Zangu zimekauka siku nne, lakini ya kushoto sauti iko chini sana. Ya kuume ni nzima.

Dada, sauti ikiwa chini lakini safi, mara nyingi ni sabuni iliyokaukia kwenye wavu pamoja na nta ya sikio. Burashi laini kavu, wavu chini, mara kadhaa. Sauti ikiwa inakwaruza hata muziki ukiwa polepole, basi utando wenyewe umeguswa, na huo mimi siwezi kuurudisha. Na ikiwa inajigusa yenyewe, inaruka nyimbo bila wewe kuigusa, unyevu bado uko ndani. Ongeza siku mbili.

*Kijana mwingine wa Majengo:* Muuzaji alinipa garanti ya miezi mitatu. Nikienda, niseme zilianguka kwenye maji?

Sema ukweli, ndugu. Garanti, iwe ya duka au ya kiwanda, kwa kawaida inahusu kasoro iliyotoka kiwandani, na maji yanahesabiwa kuwa ajali ya mwenye mali. Apple kwa mfano inatoa mwaka 1 na inasema wazi kwamba uharibifu wa maji haumo. Fundi akifungua ataona kutu, na ukiwa umeficha, hata kile ambacho angekusaidia kwa hiari unakipoteza. Penye nafasi ya kudai ni pale walipokuuzia chombo cha kuvumilia maji, kikafa kwa mvua ndogo tu. Nenda na faktire na boksi lenye maandishi hayo, na usikubali mtu akifungue kabla. Kikishabanduliwa gundi, hakuna wa kukusikiliza. Kwa chapa kubwa, uliza pia bei ya ekuteri moja peke yake. Baadhi wanaiuza, na unaendelea na ile iliyopona.

*Mama wa Katindo tena:* Nimefuata yote, lakini moja inakuwa ya moto kwenye kasha na imeanza kufura pembeni.

Mama, itoe sasa hivi, usiichaji tena hata mara moja. Iweke juu ya simenti au ndani ya sufuria kuukuu lenye mchanga, nje ya nyumba, watoto wasiifikie. Usiitoboe, usiibonyeze irudi umbo lake, na tafadhali isiende kwenye takataka zinazochomwa pale pembeni ya barabara, kwa sababu betri iliyofura ikikutana na moto inalipuka. Ikishakaa siku nzima bila joto, niletee kwenye kopo, nitaiweka na zile betri nyingine mbovu.