Hesabu usiku, usihesabu siku

Ukiandaa warsha ya siku 3 Dodoma, Jumatano hadi Ijumaa, usiwakatie wakufunzi wote vyumba vya idadi moja ya usiku. Muulize kila mmoja anafika saa ngapi na anaondoka na chombo gani. Wa Dar anapanda treni Jumanne, na Ijumaa jioni anarudi kwake: usiku 3. Wa Mwanza kwa basi anamaliza siku nzima barabarani, na warsha ikifungwa saa 10 jioni ataondoka Jumamosi alfajiri: usiku 4.

Anayenasa watu ni yule wa basi la usiku. Akifika Jumanne saa 10 alfajiri, chumba chake kianzie Jumatatu, la sivyo atakaa mapokezi na begi lake mpaka mchana, wageni wa jana watoke. (Nimeshamkuta mmoja amesinzia kwenye kochi, tai shingoni.)

Kwenye jedwali la safari zao andika saa kwa mtindo mmoja. Tiketi ikisema 06:00, ongeza kando "saa 12 asubuhi", maana kuna atakayekwenda stendi saa sita mchana.