Sogeza taa kabla hujanunua nyingine

Wapiga picha wenzangu wa Moshi, mnaopiga picha za sendofu sebuleni kwa mteja: kivuli kikali chini ya pua hakiondoki kwa kupunguza nguvu ya taa. Kinalainika chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa kwa jinsi uso unavyokiona. Tundika shuka jeupe kati ya taa na bibi harusi, ila usiligandishe kwenye taa. Liache mbali kidogo hadi mwanga ulienee lote, kisha lisogeze karibu naye.

Umbali ndio unaoamua giza la ukuta. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Shuka likiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta mita 1 nyuma yake, ukuta unapata takriban robo ya mwanga wa uso, kwa hiyo pazia la maua linafifia. Rudisha taa na shuka hadi mita 3 kutoka usoni, ukuta ukibaki palepale, nao unapata zaidi ya nusu, pazia linarudi na kivuli kinakuwa kikali tena.

Shuka likiwa mita 1, bibi harusi akiinama sentimita 20 tu kuelekea shuka uso unang'aa kupita kiasi. Mpe kiti chenye mgongo.